Bao la simu na mtandao unaokatika

Kila nikitaja ule mchezo wa bao ninaoutengeneza jioni baada ya kazi, naulizwa swali moja: mtandao ukikatika katikati ya mchezo, inakuwaje? Leo nalijibu kwa kirefu, maana swali hilo ndilo lililoupa mchezo mzima umbo lake. Rangi za ubao na sauti ya kete vilikuja baadaye.

Kwanza niwajulishe wachezaji wangu wawili wa mwanzo. Mmoja ni mjomba wangu, mvuvi wa Faza kule kisiwani Pate. Akiwa nyumbani mtandao anao, akitoka na mashua hana. Wa pili ni rafiki yake wa utotoni, dereva wa lori kati ya Mombasa na Malaba. Huyo naye mtandao huja na kwenda kadiri barabara inavyokwenda: Voi anao, katikati ya mbuga ya Tsavo mara upo mara haupo, Mtito Andei unarudi. Hawa wazee wawili walicheza bao pamoja tangu ujana, na walikuwa hawajacheza kwa miaka kwa sababu hawakai mji mmoja. Mchezo unaowataka wote wawili wawe na mtandao kwa wakati mmoja kwa nusu saa hauwafai kabisa. Siku hiyo haifiki.

Kwa hiyo nilianza na wazo kwamba kukatika ndiyo hali ya kawaida, na mtandao ukipatikana ni bahati ya dakika chache. Kinachopaswa kusafiri katika dakika hizo ni kidogo sana, na hapa bao lenyewe linasaidia.

Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Hakuna dadu wala karata ya kuficha. Mchezaji akichagua shimo na upande, kila kinachofuata ni hesabu tupu: kete zinasambazwa, zinakula, zinaendelea, mpaka zilale. Hata zamu ndefu inayozunguka ubao mara tatu imeamuliwa tangu kete ya kwanza. Basi hakuna haja ya kutuma ubao. Tuma uamuzi tu, na simu ya mwenzako itasambaza kete yenyewe.

Kuna jambo moja lililonisumbua. Wakati wa namua, katika zamu ya kula, kete za mchezaji zikiishia kwenye nyumba yake ambayo bado ni hai na hapo hakuna cha kula, ana ruhusa ya kuchagua: alale hapo, au aivunje nyumba na kusafiri. Uamuzi huu unakuja katikati ya zamu. Ukitengeneza mchezo ili seva imuulize mchezaji wakati huo, utakuwa umeikata zamu moja vipande viwili, na mtandao una nafasi mbili za kukatika badala ya moja. Dawa yake ni kwamba simu inasambaza kete yenyewe, inauliza swali la nyumba pale pale bila mtandao, kisha inatuma jibu pamoja na hatua. Tena swali hilo haliwezi kuja mara mbili katika zamu moja: akilala zamu imekwisha, akisafiri nyumba haipo tena. Nafasi ya jibu moja inatosha. Hatua nzima ni hii:

```
{"mchezo": 412, "namba": 17, "shimo": 3, "upande": "kushoto", "safari": 0}
```

Haifiki hata herufi mia moja. Dakika moja ya mtandao dhaifu inatosha na kubaki.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Watu wengi wanadhani tatizo la mtandao ni ujumbe kupotea ukienda. Hilo ni rahisi: haujafika, tuma tena. Kigumu ni pale ujumbe umefika salama, lakini jibu la kusema umefika ndilo lililopotea njiani. Kwa aliyetuma, mambo haya mawili yanafanana kabisa. Aliyewahi kutuma pesa kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha ukachelewa, anaijua hali hiyo: ukituma tena unaweza kulipa mara mbili, usipotuma huenda mwenye duka hajapata kitu. Wataalamu wa tarakilishi walilieleza tatizo hili mwaka 1975, na mwaka 1978 Jim Gray akalipa jina la majenerali wawili wanaotumiana wajumbe kupitia bonde la adui. Imethibitishwa kwamba hakuna idadi ya ujumbe wa kuhakikishiana itakayowapa wote wawili uhakika kamili. Basi tusitafute uhakika huo. Tutafute namna ambayo kutuma mara mbili hakutadhuru.

Tufuate hatua ya 17 tuone. Mjomba yuko kwenye mashua, bado anaona mnara kwa mbali. Anacheza shimo la 3, upande wa kushoto. Simu inatuma, seva inapokea na kuihifadhi, lakini kabla jibu halijarudi mashua imeshatoka kwenye mtandao. Simu ya mjomba haijui kitu, kwa hiyo inaiweka hatua ile kando ili iitume tena. Wakati huo seva imemwarifu dereva. Dereva amesimama Voi anakunywa chai, anacheza hatua yake ya 18. Saa tatu baadaye mjomba anarudi karibu na kisiwa, na simu yake inatuma tena kwa uaminifu: shimo la 3, kushoto.

Kama ujumbe ule hauna namba, angalia kitakachotokea. Seva inauliza, je, hii ni zamu ya mjomba? Ndiyo, maana dereva ameshacheza. Je, hatua hii ni halali? Katika bao inaweza kabisa kuwa halali, kwa sababu mashimo yaliyoliwa hujaa tena kete zikisambazwa. Basi seva inaicheza kama hatua ya 19. Mjomba amecheza zamu ambayo hakuichagua, pengine amepoteza nyumba yake, na hata hajafungua simu kuona dereva alifanya nini. Kuangalia zamu hakukumlinda, wala kuangalia kanuni hakukumlinda. Hakuna kosa litakaloandikwa popote. Utalisikia tu kwa mzee anayelalamika kwamba simu inamchezea.

Dawa ni ile namba 17 ndani ya ujumbe. Simu inaipa hatua namba yake mara tu mchezaji anapoamua, kabla ya kutuma, na kila ikituma tena inatumia namba ile ile. Wachezaji wa sataranji waliocheza kwa barua za posta walifanya hivi hivi: waliandika namba ya hatua na kuirudia hatua ya mwisho ya mpinzani, ili barua ikichelewa au ikija mara mbili isivuruge ubao. Kwenye seva kazi yote ni mistari hii:

```
mwisho = namba_ya_mwisho(mchezo)
if h.namba == mwisho + 1:
    kagua(h)
    hifadhi(h)
    jibu("imepokelewa")
elif h.namba <= mwisho and h == soma(mchezo, h.namba):
    jibu("imepokelewa")
else:
    jibu("hailingani")
```

Hatua mpya inakaguliwa na kuhifadhiwa. Hatua ya zamani iliyokuja tena bila kubadilika inapewa jibu lile lile la mwanzo, kama vile ndiyo mara ya kwanza. Usiijibu kwa kusema "umeshacheza", maana hilo litaonekana kwa mchezaji kama kosa, na yeye hakukosea. Sehemu ya tatu ni ya nadra: kwa mfano mtu amefungua mchezo huo huo kwenye simu mbili na kucheza tofauti. Hapo simu inafuta hatua yake isiyopokelewa, inaomba orodha ya seva, na kumwonyesha mchezaji ubao ulivyo.

Isitoshe, usitegemee mistari hiyo peke yake. Ujumbe wa kwanza na wa pili unaweza kufika kwa wakati mmoja, vyote viwili vikasoma kwamba hatua ya mwisho ni 16. Mlinzi wa kweli awe hifadhidata:

```
PRIMARY KEY (mchezo, namba)
```

Kwa sharti hili hatua mbili za namba 17 katika mchezo wa 412 haziwezi kukaa pamoja. Ya pili itakataliwa, nawe utaisoma iliyopo na kulinganisha.

Upande wa simu, utaratibu ni mmoja na haubadiliki: andika kwanza ndani ya simu, kisha onyesha, kisha tuma. Mchezaji akigusa shimo, hatua inaandikwa kwenye faili ya SQLite ya simu kabla kete hazijaanza kutembea. Betri ikizimika sekunde hiyo hiyo, akiwasha atakuta hatua yake ipo inasubiri. Uzuri wa michezo ya zamu ni kwamba foleni ya kutuma haiwezi kuzidi hatua moja, kwa sababu huwezi kucheza tena mpaka mwenzako ajibu. Wanaotengeneza programu za kuandika nyaraka pamoja wana kazi kubwa ya kuunganisha mabadiliko ya watu wawili. Sisi hatuna kazi hiyo, zamu yenyewe inatuamulia.

Kupokea hatua za mwenzako ni kwa njia hiyo hiyo ya namba. Simu haiulizi "kuna jipya?", inasema iko wapi:

```
GET /mchezo/412/hatua?baada=17
```

Seva inarudisha kila kilichofuata. Jibu likipotea, simu inauliza tena swali lile lile na hakuna kinachoharibika. Ile arifa inayolia kwenye simu naichukulia kama mtu aliyebisha hodi. Inaiambia simu iende kuuliza, lakini hatua yenyewe haimo ndani ya arifa, kwa sababu arifa zinaweza kuchelewa, kupotea au kuja bila mpangilio.

Simu itume tena kila baada ya muda gani? Usiamini ile alama ya mtandao juu ya kioo. Inaweza kuonyesha mistari minne na hakuna data inayopita. Kipimo pekee ni jibu la seva. Yangu inajaribu baada ya sekunde 2, kisha 4, kisha 8, inazidisha hivyo mpaka dakika 5, na inaongeza sekunde chache za kubahatisha ili simu nyingi zilizokuwa gizani zisiigongee seva mlango pamoja mnara ukirudi. Mchezaji akifungua mchezo, au simu ikitangaza kwamba imepata mtandao, inajaribu papo hapo. Ukituma kila sekunde unakula betri bure, maana redio ya simu ikishaamka huchukua sekunde kadhaa kabla ya kulala tena hata kama ulituma herufi kumi tu. Kwa mvuvi aliye baharini, betri ni jambo la usalama.

Mjomba aliniomba kitu kimoja kilichoonekana kidogo. "Mwanangu, kama hatua yangu bado haijaenda, si uniache niirudishe nifikirie upya?" Ombi la haki, kwa macho. Lakini kumbuka hatua ya 17: simu ilidhani haijaenda, na kumbe ilikuwa seva tayari na dereva ameshaijibu. Simu haina njia ya kujua kwamba hatua haijafika. Inachoweza kujua ni kwamba imefika, au kwamba haijui. Kwa hiyo kurudisha kunaruhusiwa mpaka simu ilipojaribu kutuma mara ya kwanza, basi. Nilimwekea sekunde tano baada ya kete kulala ili abadili mawazo, na baada ya hapo kete imelala kweli, hata kama mtandao haupo.

Maneno yanayoonekana kwenye kioo nayo yafuate ukweli huo. Ninaandika "Inasubiri mtandao" mpaka seva ijibu, kisha "Imepokelewa", na simu ya mwenzako ikishaichukua, "Imemfikia mwenzako". Siandiki "Imeshindikana", kwa sababu hilo ni jambo ambalo simu haiwezi kulijua.

Sasa tufike penye uzito zaidi, maana hapa hakuna kanuni ya tarakilishi itakayokuokoa. Siku ya pili ya majaribio mjomba alinipigia simu. "Huyu rafiki yangu amenikimbia. Ameona nyumba yake inaliwa, akazima." Dereva alikuwa Tsavo, hakuzima kitu. Lakini tuseme ukweli: seva haiwezi kumtofautisha aliye mahali pasipo na mnara na aliyezima data ili asishindwe. Kimya chao ni kimoja. Wazee hawa wamejuana miaka mingi, na bado shaka iliingia kwa saa nne za kimya. Kwa watu wasiojuana itaingia kwa dakika kumi.

Nilifikiria kuihesabu saa ya mchezaji tangu simu yake inapopokea hatua ya mwenzake. Inaonekana haki kwa aliye gizani, lakini anayetaka kukimbia atazima data asipokee kitu, na saa yake haitaanza kamwe. Nilifikiria pia kuiamini saa ya simu, ili aliyecheza baharini saa nne ahesabiwe saa nne hata ujumbe ukifika usiku. Saa ya simu inabadilishwa na mwenyewe kwa vidole viwili. Kwa hiyo saa lazima iwe ya seva, ianze hatua ya mwenzako inapohifadhiwa, na iwe ndefu kiasi cha kuzidi giza la kawaida la wachezaji wako. Kwa hawa niliweka siku 3 kwa kila hatua, kwa sababu safari ya mashua au ya lori haiwaweki nje ya mtandao muda wote huo.

Bado kuna yule aliyecheza ndani ya muda na hatua ikafika nje ya muda. Kwake niliamua hivi: siku 3 zikiisha, mchezo haufi wenyewe. Mpinzani anapata tu haki ya kubonyeza "Dai ushindi". Akidai, mchezo umekwisha. Asipodai, na hatua iliyochelewa ikafika kwanza, inahesabiwa na mchezo unaendelea. Mambo haya mawili hupita kwenye orodha ile ile yenye namba, dai likiwa nalo ni hatua, kwa hiyo lililotangulia kuhifadhiwa ndilo linaloshika. Watu wasiojuana watadai mara moja, na ni haki yao. Marafiki watasubiriana. Uamuzi wa kibinadamu umebaki kwa binadamu.

Ili ubao wa mjomba na wa dereva usije ukatofautiana, kila baada ya hatua kila simu inaandika hesabu ya mashimo yote 32, kete zilizo mkononi na hali ya nyumba mbili kwa mstari mmoja, inazigeuza kuwa namba moja ya ukaguzi kwa `crc32`, na kuilinganisha na ya seva. Kuhesabu kwamba kete zote bado ni 64 hakutoshi: kete ikilala shimo la jirani, jumla haibadiliki. Zikitofautiana, simu inacheza upya orodha yote tangu hatua ya 1, na hilo ni jambo la kufumba na kufumbua. Zikiendelea kutofautiana, basi simu mbili zina kanuni tofauti za bao, ndiyo maana toleo la kanuni linaandikwa mwanzo wa mchezo na halibadilishwi mpaka uishe.

Kwa wanaotaka kujaribu wenyewe: kupoteza asilimia fulani ya data ni rahisi kwenye Linux.

```
tc qdisc add dev eth0 root netem loss 30%
```

Lakini jaribio hilo halitoshi, maana data iliyopotea kidogo hutumwa tena chini kwa chini bila programu yako kujua. Jaribio linalofichua makosa ni kuifanya seva ihifadhi hatua, kisha ikate bila kujibu, nusu ya mara zote. Weka roboti wawili wacheze bao hivyo usiku kucha. Asubuhi linganisha orodha tatu: ya simu ya kwanza, ya pili, na ya seva. Zikitofautiana hata hatua moja, bado una kazi.

Mwisho, mpaka wa njia hii. Inafaa bao, drafti na sataranji, ambapo hakuna siri wala bahati. Ludo ni habari nyingine. Ukiiacha simu irushe dadu bila mtandao na hatua isiandikwe, mchezaji ataizima na kuiwasha mpaka sita ije. Dadu lazima itoke kwa seva, na asiye na mtandao hawezi kurusha. Anayejua namna nzuri ya kulitatua hilo kwa simu zetu, karibu sana kwenye maoni. Mjomba na rafiki yake wako hatua ya 31 ya mchezo wao wa tano, na nyumba ya dereva bado imesimama.